Mkazo wa kutofautisha katika Kiingereza: sentensi moja, maana nyingi

Chukua sentensi hii: *Peter didn't sell the red car.* Anayeisoma kimya anaelewa kwamba Peter hakuuza gari jekundu. Akiitamka, lazima achague neno la kubeba mkazo, na uchaguzi huo humwambia msikilizaji ni sehemu gani hasa inayokanushwa.

*PETER didn't sell the red car*: gari limeuzwa, ila si Peter aliyeliuza. *Peter didn't SELL the red car*: alilifanyia kitu kingine, labda alilikodisha. *Peter didn't sell the RED car*: ameuza gari, lakini la rangi nyingine. *Peter DIDN'T sell the red car*: mtu amedai kwamba ameliuza, nami napinga.

Kiswahili hufanya kazi hii zaidi kwa kupanga maneno. Tunasema "Si Peter aliyeuza gari jekundu", na hapo hata maandishi matupu yanatosha. Kiingereza nacho kina miundo ya namna hiyo, lakini katika mazungumzo mara nyingi huacha maneno pale pale yalipo na kuhamisha sauti tu. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili anaweza kujua msamiati wote na bado akakosa ujumbe.

Mkazo huu si kupaza sauti tu. Katika neno lililochaguliwa, sauti hupanda kisha hushuka, na irabu huvutwa kidogo. Mabadiliko hayo hukaa kwenye silabi yenye mkazo wa kawaida wa neno, ambayo si lazima iwe ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu: *yesterday* hukazwa mwanzoni, *YES-terday*.

Linalosahaulika zaidi ni maneno yanayofuata. Ukishakaza *PETER*, maneno *didn't sell the red car* yote hutamkwa kwa sauti ya chini, tambarare, bila kilele kingine. Wengi hukaza *PETER* vizuri, kisha wakainua sauti tena kwenye *car*. Vilele vikiwa viwili vyenye nguvu sawa, msikilizaji hajui kinachokanushwa ni mwuzaji au kilichouzwa. Ili kujipima, funga mdomo uvumishe sentensi nzima bila maneno, ujirekodi. Unaposikiliza, kilele kikuu kiwe kimoja, na baada yake sauti isipande tena.

Kuna mpaka mmoja wa kuujua. Mkazo ukiwa kwenye *car*, sauti peke yake haitoshi kuamua maana, kwa sababu Kiingereza kwa kawaida huweka mkazo mkuu kwenye neno la mwisho lenye uzito wa maana. Huenda msemaji anatoa habari ya kawaida tu, au anamaanisha kwamba Peter aliuza pikipiki nyekundu, si gari. Hapo sikiliza swali lililotangulia. Kama ni *What happened?*, hiyo ni habari ya kawaida. Kama mtu ametoka kusema *Peter sold the red car and the red motorbike*, basi *CAR* inasahihisha.