Wavuvi hawalei? Umewauliza lini?

Kila semina ya malezi hapa Kigoma lazima asimame mtu aseme: "Wavuvi wetu hawalei, hata kulala nyumbani hawalali." Juzi nimeisikia tena, na msemaji mwenyewe hulala kwake kila siku ila hajui mwanawe anavaa viatu namba ngapi.

Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Michael Lamb na wenzake waligawa ushiriki wa baba mara tatu: kumshughulikia mtoto mwenyewe, kama kumwogesha na kumlisha, kuwa karibu kiasi cha kupatikana, na kubeba jukumu, yaani kujua mtoto anahitaji nini na kuhakikisha amekipata. Mawili ya kwanza unayapima kwa kuuliza jana ilikwendaje, saa kwa saa. Mhoji mume peke yake na mke peke yake. Wakikaa pamoja, baba husaidiwa majibu.

Sasa mchukue mvuvi wa dagaa wa Kibirizi mwenye mtoto wa miezi minane. Wakati wa giza, siku zisizo na mbalamwezi, huondoka jioni na taa zake, akarudi alfajiri. Mchana mke anaanika dagaa, yeye kalala, mtoto yuko pembeni. Je, anapatikana? Mtoto akilia, baba akaamka akamnywesha uji, ndiyo. Mtoto akilia mpaka mama aache dagaa juani aje mbio, hapana, hata kama baba kajaa kitanda kizima. Mbalamwezi ikija, taa hazivuti dagaa na wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa. Ukipeleka dodoso siku hizo utaandika "baba yupo" kutwa, kumbe yuko kijiweni anacheza bao. Ukilipeleka wakati wa giza utaandika "hayupo". Kaya moja, majibu mawili! Ndiyo maana nang'ang'ania kila kaya ihojiwe mara mbili.

Jukumu ndilo gumu. Huwa nafunika kadi ya kliniki, namuuliza baba: chanjo ijayo lini, na ya nini? Kwa mtoto huyu ni surua-rubela, akitimiza miezi tisa. Wapo wanaokesha ziwani na wanajibu bila kusita. Wapo pia wasiotoka nyumbani, mtoto wamempakata vizuri kabisa, wakakwambia, "Mama yake ndiye anajua."

Kipimo hiki nacho sikiamini sana. Anayejua tarehe huenda mkewe kamkumbusha asubuhi ileile. Halafu kuna hela. Lamb na wenzake waliacha nje utafutaji riziki, wapime malezi yenyewe. Darasani inakaa vizuri. Lakini baba anayetenga nauli ya kliniki kabla hajanunua mafuta ya injini, tumwandikie nini? Mimi humwandikia jukumu, mradi hakuombwa. Mwenzangu huweka sifuri, na mpaka leo tunabishana.