Maziwa yaliyochemshwa sana na jibini isiyoshika

Wanafunzi wa teknolojia ya chakula wanaokuja kwenye karakana ya maziwa ninayoisimamia hapa Dar es Salaam huwa wamekwisha kukariri namba za kupasteurisha: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wengi wanaamini kuwa hizo ni namba za chini kabisa, na kwamba ukiongeza moto unaongeza usalama tu, hakuna unachopoteza. Kwa maziwa ya kunywa, imani hiyo haiwagharimu sana. Kwenye jibini inawaharibia kazi yote, na sababu yake ni kemia ambayo inafaa kuieleza taratibu.

Chukua mfano huu. Maziwa ya ng'ombe lita 20 yametoka Kibaha asubuhi, yamepimwa, hayajachacha. Tunayagawa sufuria mbili, lita 10 kila moja. Ya kwanza tunaipasha ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto mpaka nyuzi 63, tunakoroga polepole na kuishikilia hapo dakika 30. Ya pili kundi jingine linaipeleka mpaka nyuzi 85 na kuiacha dakika 10, kwa sababu jiji lina joto na wanataka kuwa na uhakika. Zote mbili zinapozwa haraka mpaka nyuzi 32, zinatiwa bakteria wa kuanzishia kwa kiasi kilekile, kisha renneti, yaani kigandishi cha maziwa, kwa kipimo kilekile kutoka chupa ileile.

Baada ya dakika 40 hivi, sufuria ya kwanza ina mgando mzuri. Ukiingiza kisu kwa mshazari na kuinua taratibu, unapasuka kwa mstari safi, na maji yanayojitokeza kwenye ufa yana rangi ya kijani-njano, hayana ukungu. Sufuria ya pili, hata baada ya zaidi ya saa moja, imelegea. Kisu kinatoka kimepakwa utelezi mweupe, na ukilazimisha kukata, maji yanatoka meupe. Weupe huo ni mafuta na protini vinavyokimbia, yaani jibini yako inamwagwa pamoja na maji.

Kuelewa kilichotokea, anza na kesini, protini kuu ya maziwa. Haielei moja moja. Imejikusanya katika chembe ndogo sana zinazoshikanishwa ndani na fosfeti ya kalsiamu. Juu ya kila chembe kuna kesini ya aina ya kapa, ambayo ncha zake zimechomoza kwenye maji mithili ya ndevu za muhindi. Ncha hizo zina chaji hasi na zinapenda maji, hivyo chembe mbili zikikaribiana zinasukumana. Ndiyo maana maziwa mazima hubaki kimiminika.

Kazi ya renneti ni kunyoa hizo ncha. Kimeng'enya chake kikuu, chimosini, hukata kapa-kesini mahali pamoja tu, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106. Ncha inaondoka na kubaki kwenye maji, chembe inabaki bila kinga. Hapo ndipo hatua ya pili inaanza: chembe zilizonyolewa zinagusana, kalsiamu iliyoyeyuka inasaidia kuziunganisha, na wavu unajengeka ukiwa umenasa mafuta na maji ndani yake. Hatua hii ya pili inahitaji joto. Kwenye maziwa ya baridi ya friji chimosini inaweza kukata, lakini mgando hauji mpaka uyapashe.

Sasa rudi kwenye nyuzi 85. Ndani ya maziwa kuna protini nyingine zisizoshikamana na kesini, na iliyo nyingi zaidi ni beta-laktoglobulini. Kwa nyuzi 72 na sekunde 15, sehemu ndogo tu ya hiyo ndiyo inayoharibika. Kwa nyuzi 85 na dakika 10, sehemu kubwa inafunguka umbo lake, na vikundi vya salfa vilivyokuwa vimefichwa vinajitokeza na kufunga vifungo na kapa-kesini. Chembe inakuwa na koti. Chimosini inapata shida kuzifikia ncha, na hata ikizikata, koti linazuia chembe zisikaribiane. Pamoja na hilo, moto mkali unaifanya sehemu ya kalsiamu iliyoyeyuka igeuke fosfeti isiyoyeyuka, kwa hiyo kiunganishi nacho kinapungua. Ndiyo sababu maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu, yanayojaa kwenye rafu za maduka yetu, hayakufaa kamwe kwa jibini ya renneti.

Swali la haki ni hili: je, nyuzi 63 zinatosha kwa usalama? Zinatosha, iwapo dakika 30 ni za kweli. Kipimo hicho kimewekwa kuua bakteria wa kifua kikuu na kiini cha homa ya Q, na wale wa brusela nao hufa hapo. Maabara huthibitisha kwa kutafuta kimeng'enya cha fosfatasi, kwa sababu kinastahimili joto kidogo zaidi ya wadudu hao. Kikiwa kimekufa, nao wamekufa. Kinachowaangusha watu ni povu na hewa juu ya sufuria, ambavyo hubaki chini ya nyuzi 63 wakati maziwa ya chini yamefika. Ondoa povu, funika, na uhesabu dakika baada ya maziwa yote kufikia joto hilo.

Mgando ukilegea, usiharakishe kulaumu moto. Chunguza renneti kwanza. Maji ya bomba yenye klorini hudhoofisha chimosini kwa dakika chache, na maji ya kisima yenye magadi nayo huidhoofisha. Chemsha maji ya bomba, yapoze, na uchanganye renneti wakati unakaribia kuitia. Kisha weka kiasi kidogo cha maziwa mabichi kwenye kikombe kwa nyuzi 32 na uyatie renneti hiyohiyo. Yakiganda vizuri, renneti ni nzima na tatizo ni maziwa.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi, kwani hakihitaji maabara. Chuja maji yaliyotoka kwenye mgando kwa kitambaa safi na uyapashe mpaka nyuzi 90. Maji ya sufuria ya kwanza yatatoa mabonge madogo meupe mengi, ambayo ni zile protini zilizokuwa bado nzima. Ya sufuria ya pili yatatoa machache sana, kwa sababu zilikwishafungwa kwenye kesini. Weka vikombe viwili pamoja na tofauti utaiona kwa macho.

Je, kloraidi ya kalsiamu inaokoa? Kwa kiasi. Kiwango cha kawaida hakizidi gramu 20 kwa kilo 100 za maziwa, yaani karibu gramu 2 kwa lita zako 10, zikiyeyushwa kwenye maji na kutiwa kabla ya renneti. Inarudisha kalsiamu na kushusha pH kidogo, hivyo mgando unaimarika. Koti la beta-laktoglobulini linabaki palepale, na ukizidisha kalsiamu jibini inaanza kuwa na uchungu.

Kwa hiyo sufuria ya nyuzi 85, kabla hujatia bakteria wala renneti, ielekeze kwenye jibini ya asidi. Irudishe kwenye nyuzi 85, tia taratibu asidi ya sitriki takriban gramu 2 kwa kila lita, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji ya moto, huku ukikoroga, na uache kuitia pale maji yanapokuwa safi. Hapa koti lililokuwa adui linakuwa faida, kwani protini zilizoshikamana na kesini zinaganda pamoja nayo badala ya kumwagwa.