Cheti chenye utata na cheti chenye pengo: namna mfamasia anavyovitofautisha

Chukua cheti hiki cha dawa. Nimekitunga mwenyewe, lakini kila kipande chake ni cha aina ninayoiona dirishani kazini:

ALu 1x2, siku 3. Dozi ya pili baada ya saa 8.
Amoksilini ya maji, ml 5 x 2, siku 5.

Juu kuna jina la mtoto na tarehe. ALu ni dawa ya mseto ya malaria. Mama amekishika mkononi, mtoto yuko mgongoni ana homa. Ukimpa mtu asiye wa fani akisome, atasema hakieleweki vizuri. Ni kweli, ila kina kasoro mbili za asili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ukiichukulia moja kama nyingine, utapiga simu kwa tabibu, utajibiwa, utaridhika, na mtoto bado atapewa dozi isiyo sahihi.

Kasoro ya kwanza imo katika maneno "baada ya saa 8". Hapa pana utata. Mama anaweza kuelewa kwamba zikipita saa nane tangu dozi ya kwanza, ampe ya pili. Anaweza pia kuelewa kwamba ikishafika saa nane mchana, ampe. Maelezo yote mawili ni Kiswahili safi, yote mawili yanatekelezeka bila kuongeza kitu, na hakuna linaloonekana la ajabu kwa msikilizaji. Tuseme dozi ya kwanza ilimezwa saa nne asubuhi. Kwa maana ya kwanza, dozi ya pili itakuwa saa kumi na mbili jioni. Kwa maana ya pili itakuwa saa nane mchana, yaani baada ya saa nne tu. Ratiba ya ALu imepangwa makusudi: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, ya tatu ikitimia saa ishirini na nne tangu ya kwanza, kisha moja kila baada ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo tofauti ya tafsiri hapa si ya kupuuza.

Kasoro ya pili iko kwenye mstari wa amoksilini, nayo ni pengo. Dawa hii ya maji huuzwa kwa nguvu mbili zilizozoeleka: miligramu 125 kwa kila ml 5, na miligramu 250 kwa kila ml 5. Cheti hakisemi ni ipi. Hapa ndipo hata wenzangu wa kazi huteleza, kwa sababu tukiangalia rafu tunaona chupa mbili, na chupa mbili zinafanana na maana mbili. Tunasema, "Kina utata, ni 125 au 250." Sikubaliani. Hakuna neno kwenye cheti lenye maana mbili. Neno lenyewe halipo.

Mimi hutumia kidole. Naweka kidole pale shaka inapotoka. Kikitua juu ya wino, huo ni utata. Kikitua kwenye karatasi tupu, hilo ni pengo. Kisha nahakikisha kwa kuandika pembeni kila tafsiri kama agizo kamili. Kwa "saa 8" naandika sentensi mbili, nazo zinasimama zenyewe. Kwa amoksilini, kila sentensi ninayoandika inanilazimu kuingiza tarakimu kutoka kichwani mwangu. Nikijikuta nimeongeza kitu ambacho mwandishi hakukiandika, basi sisomi tena cheti, ninakiandika upya.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu neno lenye utata lina mipaka. "Saa 8" ni muda uliopita au ni saa ya ukutani, na haiwezi kuwa Jumanne ijayo. Pengo halina mipaka ya namna hiyo. Orodha unayoiona ya chupa mbili ni orodha ya rafu yako, haikutoka kwa tabibu, na jibu sahihi linaweza kuwa nje yake kabisa.

Tuone kwa hesabu. Cheti hakina uzito wa mtoto, na hilo ni pengo jingine. Mstari wa ALu unatupa dokezo: kidonge kimoja mara mbili kwa siku ni dozi ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15. Ni dokezo zuri, lakini limetupa ukanda tu, halikutupa uzito. Hatujui pia amoksilini ni ya ugonjwa gani. Tuseme ni nimonia isiyo kali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni angalau miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 5 angehitaji miligramu 200 kila mara, na wa kilo 14 angehitaji 560. Sasa rudi kwenye ml 5 zilizoandikwa. Chupa moja inatoa miligramu 125, nyingine 250. Ikiwa mtoto ana kilo 11, anahitaji 440 kwa hesabu, na kwa ukanda wake wa uzito hupewa 500. Kwa hiyo kati ya zile "maana mbili" tulizodhani tumeziona, hakuna hata moja inayomfaa. Aliyeliita jambo hili utata angechagua moja na kulala usingizi.

Namna ya kuuliza nayo hubadilika, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye utata, swali la wazi halisaidii. Ukimpigia tabibu ukamuuliza, "Ulimaanisha nini hapa kwenye dozi ya pili?" atakujibu kwa upole, "Baada ya saa nane, ndugu yangu." Hana kosa. Yeye ana maana moja tu kichwani, ile ya pili haijawahi kumjia, kwa hiyo anarudia maneno yaleyale na wewe unabaki pale ulipokuwa. Lazima umwekee zote mbili mezani: "Daktari, ni saa nane zipite tangu dozi ya kwanza, au ni saa nane mchana?" Hapo atashtuka kidogo, kisha atachagua.

Kwenye pengo ni kinyume. Swali lenye majibu ndani yake ndilo hatari. Ukisema, "Daktari, ile amoksilini ni ya 125, siyo?" mtu mwenye foleni ya wagonjwa arobaini mlangoni atasema "ndiyo, ndiyo" na kukata simu. Umerudishiwa kisio lako mwenyewe likiwa na muhuri wake. Uliza swali lisilo na jibu ndani: "Mtoto ana kilo ngapi? Unatibu nini? Unataka apate miligramu ngapi kila mara?" Maswali hayo yanamrudisha kwenye kumbukumbu zake, na akishataja kilo 11 na nimonia, mara nyingi yeye mwenyewe ataona kwamba ml 5 hazitoshi. Kwa mtoto wetu angesahihisha kuwa ml 10 za ile ya 250, mara mbili kwa siku, siku tano.

Kuna mtego wa kuangalia baada ya simu. Kuondoa utata kunaweza kufunika pengo lililokuwa chini yake. Tabibu amesema saa nane zipite tangu dozi ya kwanza. Vizuri. Tangu lini hasa? Kama mtoto alimezeshwa dozi ya kwanza kituoni, saa zilishaanza kuhesabika. Kama hakumezeshwa, zitaanza dirishani kwako au nyumbani. Cheti hakisemi, na furaha ya kupata jibu la kwanza hutufanya tusahau kuuliza la pili. Habari njema ni kwamba pengo kama hili halimhitaji tabibu. Mama aliyekuwepo anajua. Uzito vilevile unaweza kupatikana kwenye mizani yako au kwenye kadi ya kliniki ikiwa umepimwa hivi karibuni. Ukweli uliokosekana unaweza kuupata popote ulipo, ilhali maana aliyokusudia mwandishi iko kwake, au kwenye mwongozo ambao una hakika aliufuata.

Kuvigundua pia ni kazi mbili. Utata hugunduliwa kwa kusoma kilichoandikwa polepole, ukijiweka nafasi ya mtu mwingine. Mimi najua "1x2" ni kimoja kutwa mara mbili, ila mama asiyezoea anaweza kuiona kama hesabu ya kuzidisha na kumpa vidonge viwili kwa mkupuo. Utata huo ni kwake, kwangu haupo, kwa sababu mimi na tabibu tuna makubaliano ya fani. Pengo haligunduliki kwa kusoma, hata usome mara kumi, kwani hakuna cha kusoma. Linahitaji orodha iliyo nje ya cheti: jina, umri, uzito, ugonjwa, dawa, nguvu, kiasi kila mara, mara ngapi, siku ngapi. Unapita nafasi moja baada ya nyingine na kuuliza kama ina kitu. Ninabandika orodha hiyo pembeni ya dirisha na ninaitumia hata nikiwa nimechoka, hasa nikiwa nimechoka.

Kwenye kifuko cha dawa cha mama ninaandika saa zenyewe. Wapo watakaonisahihisha kwamba wingi wa saa ni saa, na nikiandika "masaa 8" nimeharibu Kiswahili. Wako sahihi shuleni. Dirishani, "masaa 8" hairuhusu kusomwa kama saa nane mchana, kwa hiyo nikilazimika kutaja muda naiandika hivyo bila aibu. Bora zaidi ni kutotaja muda kabisa. Kwa mtoto aliyeanza saa nne asubuhi naandika: leo saa 12 jioni, kesho saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, keshokutwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kidonge kimoja kila mara.

Na kama tabibu hapatikani? ALu inaweza kutoka: mtoto nimempima, mama amenieleza dozi ya kwanza ilikuwa lini, ratiba ya dawa inajulikana. Amoksilini haiwezi kutoka kwa ml 5 za chupa niliyoichagua mimi. Uzito ninao sasa, lakini ugonjwa na dozi iliyokusudiwa bado ni karatasi tupu. Mama anarudi na cheti kituoni siku hiyohiyo, nikiwa nimeandika kwa nyuma kilo za mtoto na maswali mawili yaliyobaki, na nikimwambia kwamba mtoto akianza kupumua kwa kasi au kubonyea kifua asingoje chochote kwangu, aende moja kwa moja hospitali.