Kompyuta ilipokazania 6.1345

Jumamosi jioni nilikuwa barazani kwangu Ngamiani, kikombe cha kahawa bado cha moto, simu ikalia. Kijana niliyemfundisha hisabati hapa Tanga, sasa anasoma uhandisi wa umeme, kaandika: "Shikamoo Mwalimu. Kwa mkono napata 0.6931, kompyuta inakataa katakata." Chini yake kaweka intigrali ya 1/x kutoka −1 hadi 2, na kijiprogramu chake:

```python
def jumla(N):
    h = 3 / N
    return sum(h / (-1 + (k + 0.5)*h) for k in range(N))

for N in (100, 1000, 10000):
    print(N, round(jumla(N), 4))
```

Anagawa urefu wa 3 katika vipande N, anachukua nukta ya katikati ya kila kipande, anajumlisha. Hakuna kosa la uandishi. Majibu yakatoka 6.1345, 6.1345 na 6.1345. Sote tumefundishwa kwamba ukiongeza vipande mara kumi, kisha mara kumi tena, na jibu lisisogee hata desimali moja, basi umefika. Ndiyo maana alianza kuutilia shaka mkono wake mwenyewe.

Nikamjibu marahaba, kisha nikamwambia ajaribu N = 2000. Ikatoka −4.7483. Akajaribu 3000, ikatoka 0.6931. Hapo akapiga simu.

Tuanze na mkono wake. Alichukua ln|x|, akaweka 2, akatoa −1, akapata ln 2. Lakini njiani kati ya −1 na 2 kuna sifuri, na pale 1/x inashuka bila mwisho upande wa kushoto na kupanda bila mwisho upande wa kulia. Huwezi kuivuka sifuri kana kwamba haipo. Njia ya haki ni kukata kipande kidogo kila upande: kushoto tunaishia −a, kulia tunaanzia b, halafu tunaacha a na b zipungue kuelekea sifuri. Upande wa kushoto unatoa ln a. Wa kulia unatoa ln 2 − ln b. Jumla yake ni ln 2 + ln(a/b).

Itazame hiyo ln(a/b). Muunganiko wa kawaida unadai kila upande utulie peke yake, a na b zikipungua kila moja kwa mwendo wake, bila kuulizana. Hapa hakuna upande unaotulia: mmoja unakwenda hasi isiyo na mwisho, mwingine chanya isiyo na mwisho. Ukiamua a iwe mara mbili ya b muda wote, unapata ln 4, yaani 1.3863. Ukitaka jibu liwe 50, chagua uwiano unaofaa utalipata. Kwa hiyo kwa maana ya kawaida intigrali hii haina thamani.

Linganisha na 1/√|x| juu ya urefu uleule. Nayo inalipuka penye sifuri, lakini kushoto inatoa 2 na kulia 2√2, kila upande kwa nguvu zake. Kata utakavyo, jumla ni ileile, 4.8284. Huo ndio muunganiko.

Thamani kuu ni makubaliano: tunalazimisha a = b. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliliweka jambo hili katika masomo yake ya 1823, na jina lake limebaki nalo. Ukikata sawasawa pande zote mbili, ln(a/b) inakuwa ln 1, yaani sifuri, na inabaki ln 2. Kwa hiyo 0.6931 ya kijana ni thamani kuu, aliyoipata bila kujua kwamba ameweka sharti. Mimi hupenda kuufikiria mzega wa maji: ndoo mbili nzito kupita kiasi zinabebeka kwa sababu bega limekaa katikati ya mti. Bega likihama, hazibebeki tena.

Sasa 6.1345 ilitoka wapi? Kwenye mia, elfu na elfu kumi, ukigawa kwa 3 hubaki 1. Maana yake sifuri haikai kwenye mpaka wa vipande. Imeangukia ndani ya kipande, theluthi ya njia kutoka mwanzo wake. Nukta ya katikati ya kipande hicho iko kulia kwa sifuri, umbali wa h/6. Jirani yake wa kushoto yuko umbali wa 5h/6. Mchango wa ile ya kulia ni h gawanya kwa h/6, yaani 6. Wa kushoto ni −6/5. Umeona h ilivyojifuta? Punguza vipande viwe vyembamba kama unywele, nukta hizo mbili bado zitachangia 6 na −1.2, na zinazofuata vivyo hivyo. Ukizijumlisha zote, ziada inayobaki ni π√3, kama 5.4414. Jumlisha na 0.6931: hiyo hapo 6.1345. N ikiwa 2000, hubaki 2, nukta ya h/6 inahamia kushoto, na ziada ileile inageuka hasi. N ikigawanyika kwa 3, sifuri inakaa mpakani, nukta zinapangana sawasawa kushoto na kulia, na mzega unatulia.

Kwa hiyo namba isiyosogea haikuwa ushahidi wowote. Kipimo changu ni kusogeza kitu kidogo ambacho hakipaswi kuwa na athari: ongeza kipande kimoja kwenye N, au anzia −1.01 badala ya −1. Intigrali iliyoungana kweli itasogea kidogo tu, na kwa kiasi unachoweza kukieleza. Hii ya 1/x inaruka kama panzi.

Akaniuliza kama ujanja huu unaponya kila mlipuko. Hapana. Chukua 1/x² kutoka −1 hadi 2. Ukivuka sifuri kwa mkono unapata −1.5, jibu hasi kwa grafu ambayo yote iko juu ya mstari! Pande zake zinafanana kama mapacha, lakini zote zinapanda, hakuna wa kumfuta mwenzake.

Inayodanganya zaidi ni 1/x³. Ukikata sawasawa unapata 3/8, safi kabisa. Sasa badili kipimo karibu na sifuri kwa x = u + u², ukate u kwenye ±0.01. Kwa x umekata −0.0099 na 0.0101. Kwa 1/x tofauti hiyo haidhuru, uwiano unaelekea 1. Kwa 1/x³ jibu linakuwa karibu −200, na ukikata kwa udogo zaidi linazidi kuzama. Mimi thamani kuu ya 1/x³ siitumii kabla sijajua ni kipimo gani hasa kilichokatwa sawasawa.

Kazi yake yeye ilikuwa ugeuzi wa Hilbert wa mawimbi, ambako 1/x imo ndani ya fomula na thamani kuu ni sehemu ya maana yake tangu mwanzo, kwa hiyo 0.6931 ndiyo aliyoihitaji. Alibadili mstari mmoja ili N iwe kigawe cha 3 daima, na kwenye ripoti akaandika P.V., yaani thamani kuu kwa kifupi cha Kiingereza, mbele ya alama ya intigrali. Kahawa yangu ilikuwa imeshapoa.