Mifuko 120 ya saruji, thamani mbili: swali la stoku ya mwisho

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Tanga wakipewa swali la stoku, wengi hukimbilia kuzidisha kabla hawajajiuliza duka linatunza hesabu zake kwa mfumo gani. Idadi wanaipata sawasawa, thamani inawapotea. Ndiyo maana nimetunga swali hili. Duka ni la kubuni, bei nimezichagua ili hesabu zisiwe na senti, ila mtindo wake ni ule wa kwenye mitihani.

Swali

Mfanyabiashara wa Ngamiani anauza saruji ya mifuko ya kilo 50. Tarehe 1 Machi alikuwa na mifuko 100 aliyoinunua kwa shilingi 13,000 mmoja. Tarehe 8 alinunua 300 kwa 15,000. Tarehe 15 aliuza 300. Tarehe 22 alinunua 200 kwa 16,000. Tarehe 28 aliuza 180. Bei ya kuuzia mwezi mzima ilikuwa shilingi 18,000.

(a) Kwa njia ya wastani, tafuta thamani ya stoku ya mwisho kwa mfumo wa kipindi na kwa mfumo endelevu.
(b) Eleza kwa nini majibu yanatofautiana.
(c) Tarehe 31 stoo ilihesabiwa ikakutwa mifuko mizima 116. Minne iliganda kwa unyevu na haiuziki tena. Onesha athari yake katika kila mfumo.

Jibu la (a)

Anza na idadi, maana haitegemei mfumo. Iliyokuwepo na iliyonunuliwa ni 100 + 300 + 200, jumla 600. Iliyouzwa ni 480. Inabaki 120.

Katika mfumo wa kipindi, mwenye duka haandiki gharama ya kila mauzo. Anasubiri mwezi uishe, anahesabu kilichobaki, ndipo anapiga hesabu moja ya mwezi mzima. Kwa hiyo gharama zote zinakusanywa pamoja: 1,300,000 + 4,500,000 + 3,200,000 = 9,000,000. Gawanya kwa mifuko 600, wastani ni 15,000. Stoku ya mwisho ni 120 × 15,000 = 1,800,000. Gharama ya mauzo ni kinachobaki, yaani 7,200,000.

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: kujumlisha bei tatu na kugawanya kwa tatu. Utapata kama 14,667, na si sahihi, kwa sababu mifuko 100 ya bei ya chini inapewa nguvu sawa na mifuko 300 ya 15,000. Wastani unaotakiwa unafuata wingi wa kila manunuzi.

Katika mfumo endelevu, kadi ya stoo inaandikwa kila mzigo unapoingia au kutoka, na wastani unapigwa upya kila baada ya kununua:

| Tarehe | Tukio | Mifuko iliyopo | Wastani | Thamani |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Stoku ya mwanzo | 100 | 13,000 | 1,300,000 |
| 8 | Kununua 300 | 400 | 14,500 | 5,800,000 |
| 15 | Kuuza 300 | 100 | 14,500 | 1,450,000 |
| 22 | Kununua 200 | 300 | 15,500 | 4,650,000 |
| 28 | Kuuza 180 | 120 | 15,500 | 1,860,000 |

Angalia safu ya wastani: baada ya kuuza, haibadiliki. Kuuza kunapunguza idadi na thamani kwa uwiano uleule, kwa hiyo ukiona wastani wako umesogea tarehe ya mauzo, ujue umekosea mstari huo. Gharama ya mauzo ni 300 × 14,500 na 180 × 15,500, jumla 7,140,000. Ijumlishe na stoku ya mwisho, upate 9,000,000 ileile. Jumla isipofika hapo, usiendelee na (b).

Jibu la (b)

Tofauti ni shilingi 60,000. Wengi wangeandika "kwa sababu mifumo ni tofauti" na kuishia hapo, na mimi jibu hilo silipi alama hata moja.

Sababu ni tarehe. Mfumo wa kipindi hauoni tarehe kabisa. Mifuko 300 iliyouzwa tarehe 15 inabebeshwa wastani wa 15,000, ambao ndani yake imo saruji ya 16,000 iliyonunuliwa wiki moja baadaye. Siku ile mzigo huo haukuwepo stoo. Mfumo endelevu unaitoza mifuko hiyo 14,500, bei ya mzigo uliokuwepo kweli.

Ukitaka kuithibitisha, pima kila mauzo peke yake. Mauzo ya tarehe 15 yametozwa zaidi katika mfumo wa kipindi kwa 300 × 500, yaani 150,000. Mauzo ya tarehe 28 yametozwa pungufu kwa 180 × 500, yaani 90,000. Toa, inabaki 60,000 kamili. Kwa kuwa bei zilikuwa zinapanda, kipindi kimetoa stoku ndogo na faida ndogo: faida ghafi ni 1,440,000, dhidi ya 1,500,000 ya mfumo endelevu. Bei zingekuwa zinashuka, mambo yangegeuka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kila njia ina tofauti hii. Haina. Ukitumia ya kwanza kuingia, ya kwanza kutoka, mifumo yote miwili inakupa 120 × 16,000, yaani 1,920,000, kwa kuwa mzigo wa zamani ndio unaotoka kwanza, uandike leo au mwisho wa mwezi. Njia ya ya mwisho kuingia, ya kwanza kutoka ingeleta tofauti, lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 hakiiruhusu tangu 2005, kwa hiyo sipotezi muda nayo.

Jibu la (c)

Sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Machi mvua za masika zinaanza, na saruji iliyopangwa sakafuni bila mbao chini inavuta unyevu. Mfuko ukishaganda, hakuna fundi atakayeupokea.

Katika mfumo endelevu, kadi inasema 120 na stoo ina 116. Pengo linaonekana lenyewe. Punguza stoku kwa 4 × 15,500, yaani 62,000, na uiandike kama hasara ya stoku kwenye mstari wake. Stoku ya mwisho inakuwa 1,798,000, na faida baada ya hasara hiyo ni 1,438,000.

Katika mfumo wa kipindi, unachukua tu idadi iliyohesabiwa: 116 × 15,000 = 1,740,000. Gharama ya mauzo inapanda hadi 7,260,000 na faida ghafi inashuka hadi 1,380,000. Ile minne imetozwa 60,000, lakini imemezwa ndani ya gharama ya mauzo kana kwamba iliuzwa. Vitabu peke yake havikwambii kama iliganda, iliibwa au ilitoka bila risiti. Aandike hivyo mtahiniwa, kwa sentensi mbili, na alama ni zake.

Tofauti ya faida sasa ni 58,000, si 60,000 tena. Usishtuke: wastani wa mifumo miwili unapishana kwa 500, na mifuko iliyobaki ni 116.