Tarakimu muhimu si nafasi za desimali

Skuli zikikaribia mitihani, hapa Unguja huchelewi kusikia mtu akiwaelekeza wenzake: "Toa jibu kwa tarakimu muhimu mbili, yaani mbili baada ya nukta." Hiyo "yaani" ndiyo inayoharibu mambo, na huharibu zaidi pale swali moja linapochanganya fizikia na kemia.

Tarakimu muhimu ni zile ambazo chombo kimezipima kweli, pamoja na ya mwisho inayokadiriwa kwa jicho. Unaanza kuzihesabu kutoka kushoto, kwenye tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Sifuri za mbele hazimo. Sifuri za mwisho zilizo baada ya nukta zimo. Maana yake ni hiyo tu.

Nafasi za desimali ni habari nyingine kabisa, kwa sababu zinafuata kizio ulichochagua. Pipeti imekupa asidi 50.0 cm³. Hapo pana tarakimu muhimu tatu na nafasi moja ya desimali. Igeuze iwe dm³, utapata 0.0500: nafasi za desimali zimekuwa nne, tarakimu muhimu zimebaki tatu zile zile. Hukupima upya, umehamisha nukta tu. Ile 1000 uliyogawia nayo haipunguzi kitu, kwani ni kamili kwa makubaliano, haikusomwa kwenye chombo. Wengi huandika 0.05 wakaendelea, na hapo wameshaitupa kazi ya pipeti.

Sasa tuchukue swali lenyewe. Asidi ya hidrokloriki 50.0 cm³ yenye 1.00 mol/dm³ imechanganywa na sodiamu haidroksaidi ya kiasi na ukolezo huo huo. Themometa ilisoma 27.5 °C kabla, ikapanda hadi 34.2 °C. Tafuta joto linalotoka kwa kila moli ya maji yanayoundwa.

Upande wa fizikia ni kuzidisha tungamo, joto mahususi na badiliko la jotoridi. Mchanganyiko ni 100.0 cm³, nao tunauchukulia kuwa na gramu 1.00 kwa kila cm³ na joto mahususi la maji, 4.18 J kwa gramu kwa digrii. Badiliko ni 34.2 toa 27.5, yaani 6.7. Simama hapo kidogo. Kila usomaji ulikuwa na tarakimu tatu, lakini tofauti yake ina mbili. Katika kujumlisha na kutoa, kinachoangaliwa ni nafasi za desimali. Katika kuzidisha na kugawanya, ni tarakimu muhimu. Nadhani mchanganyo wote unazaliwa hapa: kanuni zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake.

Kuna wanaobadilisha kwanza kuwa kelvini. Hakuna ubaya: 300.7 na 307.4, tofauti 6.7 vile vile. Ubaya ni kutoa kwanza, halafu kuijumlishia tofauti 273. Ukifanya hivyo utazidisha kwa 279.7, na jibu litapita 2300 kJ kwa moli. Kwa asidi kali na besi kali vitabu vinatoa takriban 57, kwa hiyo jibu la maelfu linajishitaki lenyewe.

Tuendelee: 100 × 4.18 × 6.7 ni 2800.6 J. Usikadirie bado, iache ilivyo kwenye kikokotoo. Upande wa kemia, moli ni 0.0500 × 1.00, sawa na 0.0500. Gawanya, utapata 56 012 J kwa moli. Geuza kuwa kilojuli: 56.012. Hapo ndipo pa kukata. Kiungo dhaifu kuliko vyote ni ile 6.7, kwa hiyo andika 56 kJ kwa moli, na uweke alama ya kutoa mbele ukiulizwa badiliko la enthalpi. (Upungufu mdogo chini ya 57 usikushangaze; bika la glasi nalo hunywa joto, ndiyo maana kikombe cha plastiki ni bora.)

Anayeshika "mbili baada ya nukta" ataandika 56.01, na kudai kuwa themometa ya sehemu za kumi imeona kile ambacho chombo cha bei ghali tu ndicho hukiona. Mwalimu akitaka tarakimu tatu, kikokotoo hakiwezi kumpa. Atumie miyeyusho ya 2.00 mol/dm³ kwa ujazo ule ule: jotoridi litapanda kiasi cha digrii 13 na ushei, tofauti itakuwa na tarakimu tatu zenyewe, na themometa ile ile itatosha. Ikibaki 1.00, basi naomba ile "yaani" iondolewe, na ubaoni iandikwe 56.