Je, wajua kwa nini asilimia 30 unayoweka juu ya bidhaa haitoshi kulipa kodi ya frem?

Mwenye duka la raba anauliza, "Kila raba naweka asilimia 30 juu, mwezi huu nimeuza milioni 3, kodi ya frem na kijana wa dukani na luku vyote ni laki 9, sasa mbona nimeingia mfukoni?"

Kwa sababu ile 30 umeipata kwenye bei ya kununulia halafu ukaenda kuitumia kwenye mauzo, na hapo ndo hesabu inapoharibika. Tuseme pea moja unaichukua Kariakoo kwa 20,000, unaongeza 6,000 unauza 26,000. Hiyo 6,000 ukiigawa kwa 20,000 ni asilimia 30 kweli kabisa, lakini hela inayoingia kwenye droo ni 26,000, na 6,000 kwenye 26,000 ni asilimia 23 tu. Kama huamini, mpe mteja punguzo la asilimia 30 kwenye hiyo 26,000 uone, unabaki na 18,200, yaani umeuza chini ya uliyonunulia.

Kwa hiyo milioni 3 ya mauzo haikukupa laki 9, imekupa kama 692,000 hivi, na pengo la laki 2 na kidogo ndo hilo ulilolitoa mfukoni. Ili laki 9 itoke unatakiwa uuze pea 150, mauzo yafike milioni 3.9. Au kama unataka 30 ya mauzo kweli, chukua 20,000 ugawe kwa 0.7, inakuja kama 28,600, ila jirani akiwa anauza raba hiyohiyo 26,000 basi bei hiyo haikai, bora ubadilishe lengo la mauzo kwenye mpango kuliko kung'ang'ania bei.

Sasa kuna jingine linalowamaliza watu wengi hata baada ya kurekebisha hilo. Mwezi unaofuata umeuza pea 180, faida ni 1,080,000, toa laki 9 unabaki na 180,000, safi. Lakini pea 40 umekopesha, watalipa mwisho wa mwezi ujao. Hizo 40 ni 1,040,000 ambazo kwenye daftari zipo ila mkononi hazipo! Pesa taslimu iliyoingia ni 3,640,000, ukilipa kodi na mengine inabaki 2,740,000, na mzigo mpya wa pea 180 unataka 3,600,000. Una faida kabisa na bado huwezi kujaza rafu, umepungukiwa 860,000, na hapo ndo mtu anakimbilia mkopo wa riba kali akidhani biashara inakula hasara.

Mi naona daftari liwe na safu mbili, moja umeuza nini, nyingine hela imeingia lini, na tarehe ya kwenda kufuata mzigo uipange kwa kuangalia hiyo ya pili.